Kongwa: Mpango Usiokuwa na Mahali pa Kusimama

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango wake mkubwa wa kulima karanga Tanganyika umekwisha, na kwamba zaidi ya pauni milioni 36 zilizokwishatumika zinafutwa vitabuni. Tangu hapo kila anayesimulia kisa hicho hutaja sababu zilezile: mvua haikunyesha, matrekta yalikuwa mabovu, na waliopanga hawakuijua nchi. Zote ni za kweli, lakini zinaeleza tu kwa nini mavuno yalikuwa haba. Hazielezi kwa nini fedha ziliendelea kutoka kwa miaka mingine mitatu baada ya kila mtu aliyekuwa Kongwa, kulikoanzia kazi, kujua kwamba matrekta hayafanyi kazi na ardhi haichimbiki. Mradi wa kilimo unaweza kukosea udongo na kukosea mvua, ukapoteza msimu mmoja, ukajirekebisha. Ule wa karanga haukujirekebisha kwa sababu tangu mwanzo ulipangwa bila hatua yoyote ambayo jibu la “hapana” lingeweza kutolewa na kusikilizwa. Huo ndio mzizi, na mengine yote ni matawi yake.

Tuanze na mahali ulipotoka. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini watu wake walikuwa bado wanapimiwa mafuta ya kupikia na siagi kwa kadi za mgao. Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa tawi la Unilever, alipita Tanganyika mwaka huo na kupata wazo la kulima karanga kwa mashine katika maeneo makubwa yaliyokuwa na watu wachache. Serikali ililipokea wazo hilo kwa haraka. Ikatuma ujumbe wa watu watatu: John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, akiongozana na David Martin wa kampuni ya Samuel na John Rosa wa Wizara ya Makoloni. Kwa muda wa wiki tisa hivi walizunguka Afrika Mashariki na Rhodesia ya Kaskazini, sehemu kubwa wakitazama kwa ndege, na Septemba wakatoa ripoti. Ripoti ilipendekeza zaidi ya ekari milioni 3, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, zaidi ya nusu yakiwa kusini mwa Tanganyika. Gharama ilikisiwa kuwa takribani pauni milioni 24, na baada ya miaka michache nchi ingevuna tani 600,000 kwa mwaka. Februari 1947 serikali iliupeleka mpango huo bungeni kwa waraka rasmi, na John Strachey, Waziri wa Chakula, akawa mtetezi wake mkuu.

Ujumbe ule ulikuwa kazini kati ya Juni na Septemba. Katikati ya Tanganyika huo ni wakati wa kiangazi. Kwa mtu anayekuja kuuliza kama ardhi inafaa kwa karanga, ni wakati mbaya wa kuona mvua lakini ni wakati mzuri sana wa kuona udongo, na hapo ndipo kosa la kwanza linapotia uchungu zaidi. Karanga si kama mahindi. Ua la karanga likishachavushwa, kikonyo chake hurefuka, kikainama na kujichimbia ardhini, na ganda hukua humo gizani. Kwa hiyo mmea huu unataka udongo tifutifu mara mbili: mara ya kwanza kikonyo kinapoingia, na mara ya pili mkulima anapong'oa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi wa kutosha kuufanya ulainike mvua inaponyesha na kukauka ukawa mgumu kama saruji mvua inapokatika, na mvua hukatika hasa wakati karanga zinapokomaa. Ukivuta shina, shina linatoka na maganda yanabaki chini. Jembe la trekta likiingia, linakutana na chembe za mawe ya kwatzi ambazo husaga chuma kwa kasi ya kushangaza. Ili kuyajua haya hapakuhitajika maabara. Kilichohitajika ni mtu mmoja apande vipande vichache vya ardhi Desemba, arudi Mei au Juni na jembe la mkono, ajaribu kuvuna.

Hakuna aliyefanya hivyo, na sababu yake inaonyesha jinsi maamuzi yalivyokuwa yanafanyika. Kongwa ilipewa nafasi ya kwanza kwa kuwa ipo karibu na Reli ya Kati. Eneo ambalo ripoti yenyewe ililitegemea zaidi, yaani kusini kuelekea Nachingwea, lilikuwa na mvua bora, ila halikuwa na bandari ya kutosha wala reli, na kuvijenga kungechukua miaka. Haraka ya kuonyesha kazi imeanza ndiyo iliyochagua shamba. Swali la “wapi karanga zitaota?” likageuka kimyakimya kuwa swali la “wapi mashine zitafika upesi?”, na jibu la swali la pili likatumika kana kwamba ni jibu la lile la kwanza. Mradi wowote unapoanza kubadilisha swali lake kwa namna hii, bila mtu kutangaza kwamba swali limebadilika, hiyo ni dalili nzito kuliko upungufu wowote wa fedha, kwa sababu kuanzia hapo kila mtu anaweza kufanya kazi yake vizuri na mradi ukaendelea kuharibika.

Kuhusu mvua, Ugogo, ambako Kongwa ipo, ni nchi ya msimu mmoja wa mvua, nao hautabiriki. Wastani wa miaka kumi unaweza kupendeza karatasini huku ndani yake mna miaka mitatu isiyofaa kitu, na hata katika mwaka mzuri mvua inaweza kusita wiki kadhaa katikati ya msimu, mimea ikiwa kwenye maua. Wagogo walilijua hilo na waliishi kwa kulizingatia. Walilima mtama na uwele, mazao yanayoweza kusubiri mvua, na utajiri wao waliuweka kwenye ng'ombe, ambao wanaweza kuhamishwa kufuata malisho. Njaa kubwa wanayoiita Mtunya, iliyoandamana na Vita Kuu ya Kwanza na kuchochewa na majeshi yaliyochukua chakula na mifugo, ilikuwa bado hai katika kumbukumbu za wazee wa 1946. Wapangaji waliiangalia nchi hii wakaona eneo tupu. Idadi ndogo ya watu ilihesabiwa kuwa faida, kwamba hakutakuwa na wa kuhamishwa, wakati ilipaswa kusomwa kama kipimo. Pale ambapo wakulima hodari wamekaa karne nyingi na bado hawajajazana, kuna jambo ardhi inawaambia. Mwaka 1949 ukame ulipoipiga Kongwa, uliitwa bahati mbaya. Kwa mkulima wa Ugogo ulikuwa ni mwaka wa aina inayojulikana.

Hata hivyo, kabla ya mvua na udongo kupata nafasi ya kutoa hukumu, mashine zilikuwa zimekwishashindwa. Baada ya vita matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo zilinunuliwa mashine za kijeshi zilizotumika, nyingi zikitoka Ufilipino zikiwa zimechoka, na baadaye vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Zilishuka bandari ya Dar es Salaam isiyokuwa na uwezo wa kupokea mzigo wa aina hiyo, zikapanda reli ya njia moja, zikafika kwenye karakana ambayo ilikuwa haijamalizika kujengwa. Vichaka vya Kongwa navyo vilikuwa na tabia yake. Kuangusha miti kulikuwa rahisi kuliko ilivyodhaniwa, lakini chini ya ardhi mizizi ilikuwa imesukana kiasi kwamba majembe yaliyoingia kulima yalivunjika au kupinda. Mibuyu ilibidi izungukwe. Wahandisi walibuni njia nzuri, kama ile ya kufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matingatinga mawili na kuuburuza msituni, lakini ubunifu wa aina hiyo ulishughulikia kilicho juu ya ardhi tu. Kufikia miezi ya mwisho ya 1947 theluthi mbili hivi ya matrekta yalikuwa yamelala. Lengo la mwaka huo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Ekari 7,500 katika 150,000 ni asilimia 5, na tarakimu hii inastahili kutazamwa kwa utulivu. Mradi unaofikia asilimia 80 ya lengo lake umechelewa. Unaofikia asilimia 50 una tatizo la utekelezaji. Unaofikia asilimia 5 unakuambia kwamba makisio yaliyotumika kuupanga hayahusiani na hali halisi, na kwa hiyo tarakimu nyingine zote zilizotoka katika makisio hayo, kuanzia gharama ya kusafisha ekari moja hadi tani zitakazovunwa, nazo hazina msingi mpaka zithibitishwe upya. Mwitikio wenye akili mwanzoni mwa 1948 ungekuwa kusimamisha ununuzi, kubakiza shamba moja, na kulitumia kujibu maswali ambayo wiki tisa za ndege hazikuyajibu. Kilichotokea ni kwamba Machi 1948 kampuni ya Samuel, iliyokuwa ikiendesha kazi, ilikabidhi mradi kwa shirika jipya la serikali, Shirika la Chakula la Ng'ambo, chini ya mwenyekiti Leslie Plummer, na shirika likaongeza watu na mashine. Tatizo lilitafsiriwa kuwa ni uchache wa nguvu.

Tafsiri hiyo ilisaidiwa na kipimo kilichotumika. Maendeleo yaliripotiwa kwa ekari zilizosafishwa. Ekari iliyosafishwa ni kitu kinachoonekana, kinahesabika, kinapigwa picha, na waziri anaweza kukisoma bungeni. Lakini Uingereza haikuhitaji ekari, ilihitaji mafuta. Msimamizi anayepimwa kwa ekari atasafisha ekari hata pale ambapo hana mbegu za kutosha kuzipanda, hata pale ambapo upepo utapeperusha udongo uliobaki wazi. Hakuna uongo unaohitajika hapo. Ripoti zote zinaweza kuwa sahihi neno kwa neno na bado zikamficha msomaji ukweli, kwa kuwa zinajibu swali la njiani na kuacha la mwisho. Pale ripoti za mradi zinapozungumzia vilivyotumika na vilivyofanyika kwa undani mkubwa, na kuzungumzia kilichopatikana kwa maneno ya matumaini tu, msomaji ana haki ya kudhani mabaya.

Kuna jambo la pili kuhusu waliokuwa wakihukumu. Wakefield na Rosa, walioandika ripoti ya 1946, waliingia katika bodi ya shirika lililotekeleza ripoti hiyo. Sina shaka waliamini walichoandika, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Mtu aliyeweka jina lake chini ya makisio, kisha akapewa kazi ya kuyatimiza, yuko katika nafasi mbaya kuliko wote ya kusema makisio hayo yalikosea. Waziri naye alikuwa amejifunga bungeni, na upinzani ulikuwa unasubiri kila tarakimu ya kumkebehi, hivyo kila kukiri kukawa na gharama ya kisiasa. Ukaguzi wa nje ndio uliovunja ukimya. Wakaguzi wa hesabu za shirika kwa mwaka ulioishia Machi 1949 walikataa kuthibitisha kwamba vitabu vimetunzwa ipasavyo. Novemba mwaka huo Wakefield na Rosa wakaondolewa kwenye bodi, na malengo yakapunguzwa hadi ekari laki 6. Kufikia hapo mradi ulikuwa umepita misimu miwili ya kupanda tangu waraka ulipopelekwa bungeni, na dalili ya kwanza iliyosikilizwa haikutoka shambani bali kwenye daftari la mhasibu.

Watetezi wa mpango, wakati ule na baadaye, wana hoja moja ambayo haistahili kupuuzwa. Walisema dunia ilikuwa na uhaba wa mafuta, watu walikuwa na njaa, na shamba la majaribio lingechukua miaka miwili ambayo haikuwepo. Dharura ni dharura. Lakini hoja hii inadhani kwamba kuruka majaribio kuliokoa muda. Hakukuokoa. Mwaka wa kwanza mradi ulipanda ekari 7,500, yaani robo tu ya shamba moja kati ya yale 107. Ulipata shamba la majaribio bila kupenda, kwa bei ya mradi mzima, na bila vipimo ambavyo jaribio la kweli lingekusanya. Tena, kama dharura ilikuwa mafuta, kulikuwa na njia fupi zaidi. Katika miaka hiyohiyo magunia ya karanga yalikuwa yamerundikana Kano, kaskazini mwa Nijeria, yakisubiri mabehewa. Karanga hizo zilikuwa zimelimwa na wakulima wadogo kwa majembe ya mkono, na kampuni ya Samuel mwenyewe ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa huko. Injini za reli kwa Kano zingefikisha mafuta Liverpool mapema kuliko matingatinga ya Kongwa. Haraka haikuwalazimisha wapangaji kuchagua Kongwa. Iliwafanya tu wasilinganishe.

Hoja ya pili ni kwamba ni rahisi kuwa mwerevu baada ya tukio. Ni kweli, na ndiyo maana uchambuzi wa kushindwa unapaswa kujiuliza kwa ukali: ni kipi kilijulikana siku ya kuamua? Mwaka 1946 kanuni ya kujaribu zao kabla ya kulieneza haikuwa uvumbuzi. Kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, kilikuwa kimefanya kazi ya aina hiyo tangu 1902, wakati wa Wajerumani. Udongo ungeweza kupimwa. Wazee wangeweza kuulizwa. Matrekta ya Ufilipino yangeweza kukaguliwa kabla ya kulipiwa. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachohitaji macho ya mwaka 1951.

Hoja ya tatu ni ya wale wanaosema si kila kitu kilipotea, nami nakubaliana nao kwa sehemu. Bandari ya kina ya Mtwara ilizaliwa na mpango huu na inafanya kazi mpaka leo. Reli iliyojengwa kutoka huko kwenda Nachingwea haikudumu. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo. Mtwara ni faida ya kweli kwa watu wa kusini, lakini haiwezi kuwekwa kwenye hesabu za mpango wa karanga kana kwamba ililengwa. Mtu anayetaka bandari na ajenge bandari, kwa upembuzi wake na bajeti yake. Tukikubali kila mradi ulioanguka utetewe kwa mabaki yake, hakutakuwa na mradi utakaohesabiwa kuwa umeshindwa.

Sasa, anayepanga mradi mkubwa wa kilimo leo, iwe skimu ya umwagiliaji au shamba la miwa la maelfu ya hekta, achukue nini hapa? La kwanza ni kugawa fedha kwa hatua, na hatua ya kwanza iwe kipande kimoja kinachopita misimu miwili kamili mpaka mavuno yawe ghalani. Misimu miwili, kwa sababu mmoja unaweza kuwa wa bahati. Mpaka ghalani, kwa sababu Kongwa mbegu ziliota. Zilikwama wakati wa kung'oa. Kuna pingamizi la haki hapa, kwamba shamba la majaribio hudanganya kwa kuwa hupewa meneja bora na mbolea kwa wakati. Basi liendeshwe kwa mashine zilezile, vipuri vilevile na mafundi wa ngazi ileile watakaotumika mbele. Jaribio la karanga Kongwa kwa jembe la mkono lingefichua udongo, lakini lisingefichua karakana.

La pili ni kuandika, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, tarakimu zitakazousimamisha mradi. Isiwe kauli ya jumla kama “tutapitia upya utekelezaji.” Iwe hivi: mavuno yakiwa chini ya kiasi hiki kwa ekari, au gharama ya kusafisha ikizidi kiasi hiki, ununuzi unasimama siku hiyo hadi chombo kingine kiamue. Tarakimu zikiandikwa mapema, mtu anayezisoma baadaye hahitaji ujasiri wa kusema bosi wake alikosea. Anahitaji tu kusoma. Na chombo hicho kingine kisiwe na mtu yeyote aliyeandika upembuzi wa awali wala anayepokea mshahara wa mradi. Serikali zetu zina wakaguzi wa hesabu wenye mamlaka, lakini hao huja baada ya fedha kutumika. Mkaguzi wa mavuno, anayekwenda shambani wakati wa kung'oa na kuripoti kwa anayeshika fedha, bado ni nadra.

La tatu linahusu wenyeji, nalo mara nyingi hufanywa kuwa suala la adabu, la mikutano ya kijiji na saini za mahudhurio. Wagogo walistahili heshima hiyo, lakini zaidi ya hapo walikuwa na takwimu. Wao walijua ni miaka ipi mvua ilikatika na ni mabonde yapi yalishika unyevu, na kwa nini uwele uliwafaa wao huku mahindi yakiwashinda jirani zao waliojaribu kuyalima. Maarifa hayo yaingie kwenye jedwali la upembuzi pamoja na vipimo vya mvua, yapewe uzito, na pale yanapopingana na wastani wa kitabuni mtaalamu alazimike kueleza kwa maandishi kwa nini anafuata kitabu.

Mpango ulipovunjwa, ardhi iliyosafishwa Kongwa haikuachwa. Shirika lililorithi mabaki lilijaribu mambo kwa kiasi kidogo, likapunguza karanga, likaongeza ng'ombe, na Ranchi ya Kongwa ikatokana na kazi hiyo. Ng'ombe ndio ambao Wagogo walikuwa wakiwafuga hapo ujumbe wa Wakefield ulipopita juu yao kwa ndege. Hata jaribio dogo lina mipaka yake: lisingeweza kumwambia mtu bei ya mafuta duniani miaka mitano mbele, wala kama Mtwara ingepata mzigo. Lingeweza kujibu maswali mawili tu, kama karanga hukomaa Kongwa na kama zinang'oleka. Kwa mpango wa karanga, hayo mawili yalitosha.